Tangazo limetazamwa mara 640 bila kuuzwa: nilisomeje jedwali hili?

BintiUkili: Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Leicester, na duka langu la eBay linauza vikapu vya ukili, vikoi na aproni za kitenge. Nimeingia Seller Hub, nikafungua Performance kisha Traffic, nikapakua jedwali la siku 90. Kwa ujumla duka limetazamwa mara 4,000 na vitu 80 vimeuzwa. Hata hivyo, kikapu kikubwa kimetazamwa mara 640, aproni mara 212 na kikoi cha buluu mara 38, na vyote vitatu havijauzwa hata kimoja. Ninataka kuanza na kikapu, kwa kuwa ndicho kinachonitia aibu zaidi. Je, niko sahihi?

MzeeWaBei: Binti yangu, watu wakitazama kisha wakaondoka, kilichowakimbiza ni bei. Jumlisha bei na gharama ya posta, ulinganishe na wauzaji wengine, kisha upunguze zote tatu.

Kaka_Sufiani: Mimi pia tatizo langu ndilo hilo hilo. Viatu vyangu vimejitokeza mara 9,000 na mauzo ni sifuri. Hawa wateja ni watalii tu.

Mhasibu_Pwani: Kaka Sufiani, hiyo 9,000 inaelekea kuwa ya Total impressions, yaani mara ambazo viatu vilipita mbele ya macho ya mtu katika kurasa za eBay, kama orodha ya utafutaji. Dada anazungumzia Total page views, ambapo mtu amebonyeza na ukurasa ukafunguka. Kama watu wanaiona picha yako bila kuibonyeza, kagua picha ya kwanza na kichwa cha tangazo, kwani maelezo ya ndani hawajayafikia.

Dada BintiUkili, sifuri peke yake haisemi kitu mpaka ujue ni mauzo mangapi ulipaswa kuyatarajia. Duka lako linauza 2 katika kila mara 100 za kutazamwa. Kwa kiwango hicho, kikoi kilichotazamwa mara 38 kilitarajiwa kuuza pungufu ya kimoja, kwa hiyo sifuri yake inaweza kuwa bahati tu. Mimi huanza kulitilia shaka tangazo pale mauzo yanayotarajiwa yanapofika 3, maana hapo uwezekano wa kupata sifuri kwa bahati mbaya ni kama asilimia 5. Kwako, 3 gawanya kwa 0.02 ni 150. Ikiwa idadi ya kutazamwa iko safu ya C na ya kuuzwa safu ya D, andika hivi:

```
=IF(AND(C2>=150,D2=0),"KAGUA","")
```

Kabla hujagusa kikapu, hata hivyo, tazama safu zinazotenganisha waliotoka ndani ya eBay na waliotoka nje.

BintiUkili: Nimeshangaa. Kati ya 640, mara 540 zimetoka nje. Mwezi uliopita niliweka kiungo cha kikapu hicho katika kundi la WhatsApp la ukoo, nao wakakisambaza. Nikiziondoa hizo 540, duka lina mauzo 80 kwa mara 3,460, yaani asilimia 2.3, na kizingiti kinashuka hadi kama 130. Kikapu kimebaki na mara 100, hakikifikii. Aproni zote 212 ni za ndani.

Mhasibu_Pwani: Basi aproni ndiyo yenye kesi, kwani ilitarajiwa kuuza kama 5. Fungua tangazo lake kama mnunuzi, bila kuingia katika akaunti yako, ukachague saizi.

BintiUkili: Nimeona. Picha ya kwanza ni ya mwanamke aliyevaa aproni, lakini saizi za watu wazima zimekwisha zote na kilichobaki ni ya watoto. Sikumbuki ziliisha lini.

MzeeWaBei: Hata hivyo pauni 22 ni nyingi kwa aproni. Punguza pamoja na kuongeza saizi.

Mhasibu_Pwani: Mzee wangu, huenda bei nayo imechangia, lakini akibadilisha vyote viwili siku moja hatajua kilichosaidia. Ningerudisha saizi kwanza, niandike tarehe, kisha nihesabu mara 130 mpya za kutazamwa kuanzia siku hiyo, bila kuzichanganya na zile 212.

Mama_Vitenge: Kwa mwendo wake, mara 130 ni karibu miezi miwili, na Krismasi ikiingia katikati mauzo yatapanda kwa sababu nyingine kabisa. Kwa muuzaji mdogo mwenye shehena ya kitenge chumbani, mimi ningebadilisha vyote na kukubali kutojua.

BintiUkili: Saizi nimeagiza leo. Kuhusu bei bado ninasita.