Picha ya harusi ya 1978 imekuwa nyekundu na ina mkunjo katikati: njia ipi ni bora?

NyarKondele, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nina picha ya rangi ya harusi ya wazazi wangu, ilipigwa hapa Kisumu 1978, sentimita 9 kwa 13. Nimeshaiskani kwa dpi 600, faili ni TIFF. Picha nzima imegeuka nyekundu: ukuta uliokuwa mweupe sasa ni wa waridi, na suti nyeusi ya baba imekuwa kahawia. Halafu iliwahi kukunjwa katikati. Mkunjo unaanzia kwenye leso ya nyanya, unapita mkono wa mama, unaishia kwenye ukosi wa koti la baba. Pale mkononi rangi imebanduka hadi karatasi nyeupe inaonekana.

Nina GIMP kwenye laptopu. Ninaona njia tatu: niiachie programu isahihishe rangi yenyewe, nirekebishe kila chaneli kwa mkono, au niigeuze tu iwe nyeusi na nyeupe. Kwa mkunjo nako sijui nitumie Heal au Clone. Nataka kumchapishia mama nakala ya sentimita 20 kwa 30. Na jambo moja linanisumbua: picha hii ilikaa sandukuni miaka yote, haikuona jua. Mbona imechujuka hivi?

BarakaNax, Nakuru
Dada, iskani tena kwa dpi 2400, hapo utapata kila kitu. Kisha Colors > Auto > White Balance, unabofya mara moja rangi zinarudi. Mkunjo wote piga Heal. Picha za shosho wangu nilizifanya hivyo na zikatoka safi.

ChumbaChaGiza, Kakamega
NyarKondele, nilifanya kazi ya studio tangu enzi za kuosha picha gizani, kwa hivyo nianze na hilo la sanduku. Picha ya rangi ya miaka hiyo ina tabaka tatu za rangi: sayani, majenta na manjano. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1970, sayani hufa hata gizani, na manjano huifuata. Joto na unyevu huharakisha kifo hicho, na sanduku chini ya mabati karibu na ziwa lina vyote viwili. Majenta ndiyo hudumu, ndiyo maana unaona wekundu. Jua lenyewe huharibu kwa namna nyingine, mara nyingi huanza na majenta.

Ukijua hivyo, utajua faili lako linaficha nini. Fungua Colors > Levels, kisha pale Channel utazame Red, Green na Blue, moja baada ya nyingine. Utaona vilima vya Red vimesukumwa upande wa kulia, labda vinaanzia 125 hadi 245, kwa sababu sayani iliyokuwa ikizuia mwanga mwekundu imeondoka. Green itakuwa imetanda vizuri, labda 35 hadi 225. Blue itakuwa katikati ya hizo mbili. Katika kila chaneli, sogeza alama nyeusi ya kushoto hadi pale kilima kinapoanzia, na ile nyeupe ya kulia hadi kinapoishia. Hiyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya wekundu.

Baraka, White Balance hufanya karibu jambo hilohilo, yaani hunyoosha kila chaneli. Kwa picha isiyo na mkunjo inaweza kutosha. Lakini huwa inapuuza asilimia 0.05 tu ya piksel kila mwisho. Picha hii ina piksel kama milioni 6.5, kwa hivyo inapuuza kama 3,000. Mkunjo wenye upana wa piksel 8 unaovuka upande wa piksel 2,100 una zaidi ya 16,000. Programu inaona ule weupe wa karatasi, inadhani picha tayari ina nyeupe yake, kisha inaacha sehemu angavu zikiwa na wekundu wake. Pambizo nyeupe ya picha huidanganya vilevile.

Dpi 2400 sikubaliani nayo. Karatasi ya picha haina mambo madogo kiasi hicho. Utapata vumbi kubwa zaidi na faili zito mara 16. Kwa 600 anapata piksel 2,126 kwa 3,071, ambazo kwenye sentimita 20 kwa 30 ni kama 260 kwa inchi. Inatosha.

BarakaNax
Nimekuelewa mzee. Zangu hazikuwa na mkunjo, labda ndiyo sababu zilikubali. Lakini akikata pambizo na kuchagua sehemu safi tu kabla ya kubofya, si atapata jibu lilelile kwa haraka?

ChumbaChaGiza
Atakaribia. Tatizo ni kwamba akichagua sehemu, marekebisho yatabaki ndani ya sehemu hiyo tu, kwa hivyo bado atahitaji kurudi Levels kwa picha nzima. Na programu haijui ngozi ya watu wetu. Ikisahihisha yenyewe, mara nyingi nyuso hutoka za kijivu au za kijani kidogo.

Baada ya kuweka ncha zote, tumia ile alama ya katikati ya Red na Blue polepole. Fungua Windows > Dockable Dialogs > Pointer, upitishe kishale juu ya shati jeupe la baba: namba tatu zinapaswa kukaribiana. Kisha kipitishe kwenye uso. Ngozi yetu, iwe nyeusi sana au maji ya kunde, Red huwa juu, Green hufuata, Blue huwa chini. Green ikizidi Red, uso utaonekana wa mgonjwa hata kama shati limenyooka.

Shangazi_Mumias
Samahani wanangu, naona mnajua mambo. Yangu iko kwenye fremu na imegandamana na kioo. Niloweke maji ndipo niitoe niiskani?

ChumbaChaGiza
Hapana shangazi, usiiloweke wala usiivute, kilichoganda kitabaki kwenye kioo. Iskani hivyohivyo ikiwa na kioo chake. Ukihitaji zaidi, fungua uzi wako tutakusaidia huko.

MwalimuOketch, Homa Bay
Mimi ni wa njia ya tatu. Rangi iliyokufa imekufa; ukiinyoosha sana unapata chengachenga. Nyeusi na nyeupe inatulia, na wazee wengi wanaipenda. Ila usitumie Desaturate ya kawaida, maana inachanganya chaneli nzima na zilizoharibika. Nenda Colors > Components > Decompose, chagua RGB, uchukue ile ya green peke yake. Utashangaa jinsi picha ilivyo kali.

ChumbaChaGiza
Mwalimu amesema kweli kuhusu Green. Lakini kuna hasara yake: Green huifanya ngozi yetu iwe nyeusi kuliko ilivyokuwa, na leso nyekundu hugeuka karibu nyeusi tii, maua yake yakapotea. Wanafamilia wataona.

Mimi huziunganisha njia hizi mbili. Narekebisha rangi kwa Levels. Kisha nanakili ile green ya Mwalimu, naibandika juu kama leya mpya na kuiweka mode ya Luminance. Sasa ukali wa picha unatoka Green, na rangi inatoka leya ya chini. Chengachenga za Red zinabaki kwenye rangi tu, kwa hivyo ile leya ya chini naweza kuipiga Gaussian Blur ya piksel 3 au 4 bila nyuso kufifia sana. Halafu napunguza Opacity ya leya ya juu, labda hadi 60, mpaka nyuso zirudi kwenye weusi wao. Hakuna namba ya kukariri hapo, mtu anayewajua ndiye anayepaswa kukaa mbele ya skrini.

Hakikisha pia Image > Precision inasema 16 bit. Ukiskani kwa 8 bit, zile ngazi 120 za Red zikinyooshwa hadi 256 zinaacha mapengo, na ukuta utaonekana una mistari kama ramani ya milima.

NyarKondele
Nimeangalia, inasema 8 bit. Na kweli ukutani kuna mistari, nilifikiri ni skana mbovu. Nitaiskani tena kwa "48-bit color". Red yangu inaanzia 131, mzee, karibu kama ulivyosema. Na mkunjo je, nianze nao au rangi kwanza?

ChumbaChaGiza
Rangi kwanza. Ukiziba mkunjo picha ikiwa imefifia, kiraka kitaonekana sawa, kisha ukinyoosha rangi kitajitokeza.

Na kwa kuwa unaiskani tena, iskani mara mbili: ya pili uigeuze picha nusu mzunguko juu ya kioo. Taa ya skana humulika kutoka upande mmoja, kwa hivyo mkunjo huwa na ukingo mmoja unaong'aa na mwingine wenye kivuli. Ukigeuza, vinabadilishana. Zungusha faili la pili kwa Image > Transform > Rotate 180°, liweke juu ya la kwanza, tumia mode ya Difference ulisogeze mpaka picha iwe karibu nyeusi yote, kisha rudisha Normal na Opacity 50. Kila mahali ambapo karatasi imejikunja lakini rangi haijabanduka, mkunjo utapungua sana. Hutahitaji kupaka chochote hapo.

Kinachobaki ni pale palipobanduka. Ukutani tumia Heal kwenye nakala ya leya, brashi pana kidogo kuliko ufa. Kwenye ukosi wa koti usiguse Heal: inachanganya weusi wa koti na weupe wa shati, unapata doa la moshi. Hapo ni Clone, brashi ndogo, ukichukua chanzo kwenye ukosi uleule juu kidogo. Leso nayo ni Clone, ila tafuta ua lilelile mahali pengine kwenye kitambaa, na ulinganishe mkunjo wa nguo.

NyarKondele
Na mkono wa mama? Vidole viwili havipo kabisa. Chanzo sina.

MwalimuOketch
Chukua mkono wake kutoka picha nyingine ya miaka ile, uupachike. Nimewahi kuona imefanywa vizuri.

ChumbaChaGiza
Mimi ningeziba weupe kwa rangi ya ngozi na gauni iliyo karibu, niache pakiwa hafifu, nisichore vidole. Pete iko mkono gani? Ukipachika mkono wa picha nyingine unaweza kumvisha pete ambayo hakuwa nayo saa hiyo.

BarakaNax
Lakini mzee, kwenye fremu ukutani watu wataona doa kabla ya kumwona bibi harusi. Kwa nakala ya ukutani mimi niko na Mwalimu.

NyarKondele
Pete iko mkono huohuo. Nitahifadhi XCF yenye leya zote, nichape mbili ndogo kwanza, moja ya kila namna, nimpelekee mama achague.