Mrejesho: Barua ya makazi bila mkataba wala LUKU yenye jina langu

Niliuliza: "Nimepanga chumba Mbagala kwa maneno tu, LUKU ina jina la mwenye nyumba. Benki wanataka uthibitisho wa makazi. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana, akaunti imefunguliwa jana. Ushauri wa kumwomba mwenye nyumba mkataba wa maandishi ulikwama, mzee anaogopa mambo ya kodi. Lakini alikubali kunisindikiza kwa mjumbe, na hilo ndilo lililonifungulia njia. Mjumbe alinijua kwa sura, akaniandikia kikaratasi cha kunitambulisha serikali ya mtaa.

Ofisini nilikwenda na kikaratasi hicho, kitambulisho cha NIDA na pasipoti saizi mbili. Mtendaji alikuta simo kwenye daftari la wakazi, akaniandikisha kwanza, kisha akanipa barua.

Benki wakaikataa! Iliandikwa "kwa yeyote anayehusika", na picha ilibanwa tu kwa pini. Nikarudi mtaani. Safari hii barua ilielekezwa kwa meneja wa tawi, ikataja jina la mwenye nyumba na namba ya nyumba, picha ikagandishwa kwa gundi na muhuri ukapigwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Ikapokelewa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukienda mtaani, uwe umeshauliza benki barua iandikwe kwa nani. Mimi ningeokoa siku tatu. Dada uliyenisisitizia nianze na mjumbe, Mungu akubariki.