Tupeane uzoefu: mbwa mzee anayetangatanga usiku kucha kama amepotea

Mkazi wa Bwiru
Wakuu, habari za jioni. Hapa Bwiru tuna mbwa wetu Popi, aliyezaliwa mwaka binti yangu alipoanza darasa la kwanza. Binti sasa yuko chuo mwaka wa pili, kwa hiyo Popi ana miaka 14 hivi. Tangu mvua za vuli ziishe, usiku wake umegeuka. Saa saba anaamka na kuanza safari: simtanki hadi getini, getini hadi simtanki, kucha zikigonga sementi, mpaka adhana ya alfajiri. Mchana kutwa analala.

Juzi nilimkuta amesimama getini, lakini upande wa bawaba. Pua imegusa chuma, anangoja geti lifunguke pale ambapo halijawahi kufunguka. Nilipomwita akanitazama kama mgeni, kisha mkia ukaanza kutikisika taratibu.

Jirani anasema ana kichaa na apigwe risasi kabla hajang'ata watoto. Chanjo ya kichaa hajawahi kukosa hata mwaka mmoja, na bado anakula na kunywa. Waliowahi kukaa na mbwa wa umri huu, nisaidieni.

Mvuvi wa Igombe
Mkuu, mbwa akizunguka usiku ujue kuna mtu anachungulia ukuta. Wangu alifanya hivyo wiki nzima, tukampuuza, tukaibiwa mashine ya boti. Waambie sungusungu wapite kwako.

Mkazi wa Bwiru
Pole sana ndugu kwa mashine. Ila huyu hanusi wala hasikilizi kitu. Akibweka, anabwekea ukuta mtupu.

Mama Furaha, Nyegezi
Pole baba. Huo ni uzee wa akili, kama bibi zetu wanavyosahau majina ya wajukuu. Wangu alikuwa hivyohivyo, anaingia nyuma ya kochi halafu hajui kurudi kinyumenyume, analia mpaka umtoe. Nilikuwa nampa mafuta ya nazi vijiko vitatu kila siku kulisha ubongo, na usiku nusu ya kidonge changu cha diklofenaki ili apumzike. Alikaa nasi miezi minne zaidi.

Mganga wa Mifugo Mstaafu
Mama Furaha, shikamoo. Kuhusu uzee wa akili umesema kweli, lakini hiyo diklofenaki naomba asiiige mtu. Dawa za maumivu za binadamu za kundi hilo hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na mbwa mzee figo zake zimeshachoka. Kuna dawa za maumivu za mbwa, na daktari hupima dozi kwa uzito. Mafuta ya nazi nayo, vijiko vitatu ni vingi, vinaweza kuleta kuhara au kuwasha kongosho. Mafuta yaliyofanyiwa utafiti kwa ubongo wa mbwa ni aina iliyochujwa na kuchanganywa kwenye chakula maalumu. Hayalingani na ya kwenye chupa ya sokoni.

Sasa Popi. Hofu ya jirani naielewa, kanda yetu imezika watu kwa kichaa cha mbwa. Lakini kichaa kikishaonyesha dalili hakingoji: sauti hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka, kumeza kunashindikana, na ndani ya siku kumi hivi mbwa amekufa. Wewe unaeleza miezi, na mbwa anakula, anakunywa na amechanjwa. Hata hivyo akimng'ata mtu yeyote, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hapo hakuna kubishana.

Pale bawabani ndipo panaponifanya niwaze ubongo. Mbwa aliyepofuka tu hujigonga ukimpeleka ugenini, ila nyumbani kwake hupita vizuri kwa mazoea. Popi anapotea palepale alipokulia. Katika ugonjwa huu ubongo hunyauka, na masalia ya protini iitwayo beta-amiloidi hujikusanya ndani yake, yaleyale yanayokutwa kwa wazee wenye Alzaima. Saa ya mwili huvurugika, mchana unakuwa usiku. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndio huu. Daktari huufikia kwa kuondoa mengine kwanza.

Kwa hiyo nijibu mambo mawili. Akiamka kutoka kulala, hatua za kwanza anachechemea? Na bakuli la maji linaisha upesi kuliko zamani?

Binti wa Nansio
Hilo la maji lisipuuzwe. Wa kwetu huku Ukerewe tulishaamua ni uzee, tukamfungia stoo kwa sababu alikojoa sebuleni kila usiku. Kumbe alikuwa anamaliza ndoo ndogo kwa siku. Tulipovuka naye kwenda Mwanza, damu ikaonyesha figo. Alikuwa anaamka kwa kubanwa mkojo, sisi tunamfungia mlango. Mpaka leo naumia.

Mkazi wa Bwiru
Mzee, maji ni kawaida. Ila kuchechemea ndiyo, hasa mguu wa nyuma wa kushoto, akitembea kidogo unalainika.

Mganga wa Mifugo Mstaafu
Basi kuna maumivu ya viungo, na yanaweza kuwa nusu ya tatizo. Mbwa mwenye nyonga inayouma hulala, akaumia, akainuka, akazunguka. Mwombe daktari ampime mkojo na damu, kisha ajaribu dawa ya maumivu ya mbwa wiki mbili. Wewe andika kila usiku ameamka saa ngapi na amezunguka muda gani. Kinachobaki baada ya maumivu kupungua ndicho cha ubongo.

Kwa ubongo ipo selegilini, hupewa mara moja asubuhi, na huchukua wiki nne au zaidi kuonyesha kitu. Haiponyi, na kwa wengine haisaidii kabisa. Na sikilizeni hapa: mbwa wetu wengi huogeshwa dawa ya kupe yenye amitrazi, ileile ya ng'ombe. Hizo mbili hazichanganywi hata kidogo, wala selegilini na dawa ya maumivu ya tramadoli. Mtajie daktari kila kitu kinachomgusa mbwa huyo.

Mama Furaha, Nyegezi
Marahaba mwanangu. Diklofenaki sikujua. Alikuwa anatapika mwishoni, nikadhani ni uzee.

Mkazi wa Bwiru
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Mkojo na damu havikuonyesha kitu kikubwa. Kwa dawa ya maumivu, daftari langu linasema alikuwa anazunguka kwa muda wa saa nne au tano kila usiku, sasa ni muda wa saa moja na nusu, siku nyingine saa mbili. Kuchechemea kumepungua. Lakini bawabani bado anaenda.

Nimeweka taa ndogo ya sola kwenye njia yake, godoro kuukuu mbali na zege la baridi, na nimeziba kwa mbao upenyo wa kwenda kwenye majabali. Jioni tunatembea polepole mpaka mwembeni na kurudi, na saa nne usiku namtoa akojoe. Mchana watoto wanamwamsha kwa kumtawanyia dagaa kwenye nyasi awatafute. Selegilini daktari anasema tungoje, kwa kuwa tulimwogesha amitrazi hivi karibuni.

Binti wa Nansio
Kaka, samahani kwa swali gumu. Utajuaje imetosha? Sisi tulichelewa.

Mganga wa Mifugo Mstaafu
Mimi huangalia kama bado anakula kwa hamu na kama bado anatulia akiguswa na mtu wake. Wenzangu wengine huona nangoja kupita kiasi, na sina hakika kwamba wamekosea.

Mkazi wa Bwiru
Bado anakula. Jana usiku saa nane nilimtoa tena pale bawabani. Nilimshika shingo nikamgeuza taratibu mpaka upande wa komeo, nikafungua geti kidogo. Alinusa upepo wa ziwani, akageuka mwenyewe, akaenda kulala.