Watoto wanabonyeza vitufe vya ubavuni mwa TV, navifungaje?

Mama Doto, Igoma
Habari za jioni wapendwa. Nina mapacha wa miaka miwili na ushee. TV yangu ni ya Kichina, inchi 32, iko kwenye meza fupi na vitufe vyake viko ubavuni, pale pale mikono yao inapofika. Nikiwa jikoni nasikia sauti imekata, nikija nakuta skrini imeandika "No Signal". Wamebonyeza Source, TV imehama kutoka HDMI 1, ambako ndiko kuna king'amuzi. Juzi waliingia mpaka kwenye lugha, menyu yote ikawa maandishi nisiyoyajua, ikabidi nimwite jirani. Rimoti naiweka juu ya kabati. Kuna namna ya kuvifunga hivyo vitufe, rimoti ibaki inafanya kazi?

Ngosha wa Nyegezi
Dada, weka namba ya siri kwenye king'amuzi. Chaneli za wakubwa zikifungwa, hata wabonyeze vipi hazifunguki.

Mama Doto, Igoma
Kaka asante, ila king'amuzi hawakigusi. Shida ni TV yenyewe.

Mzee wa Mwaloni
Nilifungua mfuniko wa nyuma nikachomoa kiwaya cha vitufe. Hadi leo wajukuu wanabonyeza weee, wamechoka wenyewe.

Fundi Buzuruga
Shikamoo mzee. Kwako imekubali, ila kwenye TV nyingine kile kibao cha vitufe na jicho la rimoti vinatumia plagi moja. Ukichomoa, rimoti nayo inakufa. Tena mle ndani sehemu ya umeme hubaki na chaji hata TV ikiwa imezimwa, kwa hiyo simshauri mama afungue.

Mama Doto, chukua rimoti, bonyeza Menu, tafuta ukurasa wa Lock. Ukidai namba ya siri, jaribu 0000, TV nyingi hutoka kiwandani nayo. Humo tafuta "Key Lock", kwingine huandikwa "Panel Lock" au "Child Lock", weka "On". Usichanganye na kufunga chaneli, hiyo ni habari nyingine ingawa mara nyingi zinakaa ukurasa mmoja. Kisha toka kwenye menyu kabisa, TV irudi kwenye picha, halafu bonyeza Source ya ubavuni. Isipohama, imekubali. TV nyingine huandika "Key Lock On" ukibonyeza, nyingine hunyamaza tu.

Kitufe cha kuwasha kijaribu peke yake. Kuna TV ambazo hata zikifungwa zinawaka kwa kitufe hicho, kwa hiyo usishangae. Swichi ya ukutani nayo haihusiki na kufunga huku.

Jambo moja la kuangalia kabla: rimoti ikipotea baada ya kufunga, huna pa kushika. Kukatika umeme hakufungui, maana TV inakumbuka ulichoweka. Nunua rimoti ya pili kwanza, uijaribu kwenye menyu na siyo sauti peke yake. Zile za kufananisha mara nyingi zinapandisha sauti vizuri lakini Menu haifungui.

Binti Kirumba
Fundi samahani naingilia. Kwangu hakuna mtoto, ila sauti inapanda yenyewe mpaka mwisho, hasa asubuhi za mvua. Wameniambia bodi kuu imekufa.

Fundi Buzuruga
Usinunue bodi bado. Kwenye TV nyingi vitufe vyote vinapita waya mmoja, kila kitufe kina kiwango chake cha volti. Unyevu ukiingia kwenye kitufe, volti inayumba na TV inadhani umebonyeza. Weka Key Lock On uangalie. Sauti ikitulia, tatizo ni kibao cha vitufe, ambacho ni kitu kidogo kuliko bodi. Ikiendelea, toa betri za rimoti uone, huenda kitufe chake kimenasa.

Mama Doto, Igoma
Fundi, nimeipata, imeandikwa "Key Lock" na 0000 imekubali. Source haihami tena. Doto amebonyeza, ameniangalia, amebonyeza tena. Kitufe cha kuwasha bado kinazima na kuwasha, ila hilo naweza kuvumilia. Rimoti ya pili nitaitafuta Makoroboi.

Binti Kirumba
Nimeweka On tangu jana, mvua imenyesha usiku, sauti imetulia.

Fundi Buzuruga
Basi mwambie huyo fundi wako aanze na kibao cha vitufe.

Ngosha wa Nyegezi
Yangu ya Android ina kitufe kimoja tu chini katikati. Nimepekua Settings zote, Key Lock sijaiona.

Fundi Buzuruga
Ngosha, nyingine hazina kabisa. Soma karatasi ya nyuma ya TV, uandike hapa modeli yake yote, herufi na namba.