Mahojiano ya kina: tukokotoe idadi kwa Yamane, au tusubiri data ishibe?

Neema M.: Andiko langu la uzamili linauliza kwa nini wakunga huijaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, mama akishajifungua badala ya wakati wa uchungu. Hospitali zangu mbili zina wakunga 120. Niliandika nitahoji watu kama 15, mpaka data ishibe, yaani mahojiano yasilete tena jambo jipya. Jopo limenirudishia: "Tumia fomula." Kwa fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli inatoka 92. Nani yuko sahihi hapa?

Juma wa Takwimu: Jopo. Ukihoji 15, wakunga 105 hujawasikia, halafu uandike "wakunga wanaona hivi"? Fomula inamzuia mtafiti asichague rafiki zake. Hilo la data kushiba kila mtu analiandika akishachoka kusafiri.

Bi. Rehema: Juma, kinachozuia kuchagua rafiki ni kura, siyo fomula. Ukijichagulia watu 92, upendeleo uko palepale, umeongezeka tu ukubwa.

Twende kwenye hesabu yenyewe: n = N / (1 + N × e²). Kwa wakunga 120 na e ya 0.05, unagawa 120 kwa 1.3, unapata 92. Hiyo 0.05 ni kosa unalokubali kulivumilia katika asilimia utakayotangaza, mfano ukisema asilimia 60 ya wakunga wamepata mafunzo. Neema hatangazi asilimia. Anataka kujua inakuwaje mtu anayeijua patografu vizuri aiache tupu hadi alfajiri. Katika jibu la namna hiyo, kosa la asilimia 5 litakaa wapi?

Halafu kuna kazi yenyewe. Mazungumzo ya saa moja huchukua kama saa sita kuyanakili. Mara 92, ni zaidi ya saa 550 kabla hajaanza kuchambua hata ukurasa mmoja. Kinachofuata nimekiona mara nyingi: mahojiano yanafupishwa kuwa dakika kumi, yanageuka hojaji ya mdomo. Idadi imetimia na hakuna aliyeeleza kitu.

Shabani: Naomba kuuliza hapohapo. Chama chetu cha bodaboda kina wanachama 800, tunataka kujua wangapi wako tayari kukatwa pesa ya bima. Tukihoji 15 mpaka ishibe, inatosha?

Juma wa Takwimu: Haitoshi. Wewe unauliza "wangapi". 800 gawa kwa 3, ni wanachama 267, na majina yachaguliwe kwa kura kutoka kwenye daftari la chama, siyo wale mnaowakuta kijiweni.

Bi. Rehema: Shabani, mfuate Juma. Hilo ni swali lake kabisa.

Otieno K.: Bi. Rehema, fomula umeichambua, sasa uchambue na hiyo 15. Wanafunzi ninaowasimamia wote wanaandika 12 au 15 na ukiwauliza imetoka wapi, kimya.

Bi. Rehema: Swali la haki. 12 inatoka hasa kwa Greg Guest na wenzake, 2006. Walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakarudi nyuma kutazama kila msimbo, yaani jina fupi analolipa mchambuzi wazo lililotajwa, ulijitokeza lini. Katika 30 ya Ghana walipata misimbo 109. Sita ya kwanza yalishatoa 80, na kufikia la 12 walikuwa na 100. Watu wanakariri 12 na kuacha masharti yake: wanawake wale walikuwa wa hali inayofanana, wakaulizwa maswali yaleyale, kuhusu jambo moja lenye mipaka. Ukichanganya wakunga, madaktari na akina mama, 12 haina msingi tena.

Otieno K.: Na hata kwa kundi moja kuna shimo. Jambo linalomgusa mkunga mmoja kati ya kumi, uwezekano wa kulikosa kabisa katika mahojiano 12 ni 0.9 kwa kipeo cha 12, yaani karibu asilimia 28. Ukitaka ushuke chini ya asilimia 5 unahitaji watu 29. Kwa hiyo takwimu ina la kusema hata huku kwenu.

Bi. Rehema: Hesabu ni sahihi na ningependa kila mwanafunzi aifanye. Lakini inachukulia watu wamepatikana kwa kura, na kwamba mwenye jambo atalisema. Mkunga hakuambii mgeni mwenye kinasa sauti, katika dakika ya tano, kwamba mapigo ya moyo wa mtoto ya saa nane usiku aliyakisia. Ukihoji 29 kwa haraka unaweza kulikosa mara 29.

Nesi Halima: Mimi nilifanya tathmini kama hii kwa mradi mmoja. Kufikia mkunga wa saba hakuna jipya: wagonjwa wengi, wafanyakazi wachache, fomu zimeisha. Nikafunga. Kwangu data ilishiba mapema sana.

Bi. Rehema: Uliwahoji saa ngapi?

Nesi Halima: Baada ya ripoti ya asubuhi, wakipata nafasi.

Bi. Rehema: Basi kilichoshiba ni zamu ya mchana. Usiku mkunga anaweza kuwa peke yake na kina mama kadhaa wenye uchungu, na mapigo ya mtoto yanatakiwa kupimwa kila nusu saa kwa kila mmoja. Huko sababu zinaweza kuwa nyingine kabisa, na hukufika. Tena "wagonjwa wengi" ni msimbo mpana mno, kila kitu kinaingia humo, na misimbo mipana hushiba upesi. Hennink na wenzake mwaka 2017 walipitia mahojiano 25: misimbo iliacha kuongezeka kwenye la 9, lakini kuyaelewa mambo kwa undani kulihitaji kati ya 16 na 24.

Neema, kwenye andiko taja makundi kabla ya idadi: hospitali mbili, mchana na usiku. Sema utaanza na watu 10 walioenea katika makundi hayo yote, utachambua kila mahojiano kabla ya kwenda kwa anayefuata, na utasimama mahojiano matatu mfululizo yasipoleta msimbo mpya. Weka na kikomo cha juu, 24, ili kamati ya maadili ipate namba yake. Kisha weka jedwali: mahojiano ya ngapi, zamu gani, misimbo mipya mingapi. Jopo litaona kushiba kwa macho.

Otieno K.: Hayo matatu mfululizo nayo ni makubaliano tu. Wakiwa wote wa mchana, unasimama kimakosa. Na watafiti Braun na Clarke wanaliona wazo zima la kushiba haliendani na uchambuzi ambamo mtafiti mwenyewe ndiye anayejenga maana. Sijashawishika kwamba jedwali linamaliza hoja.

Bi. Rehema: Halimalizi. Linampa msomaji kitu cha kubishana nacho. Na hayo matatu yasiwe ya zamu moja, hapo nakubali.

Juma wa Takwimu: Mimi bado nataka namba mahali fulani. Kwa nini asipige kura kwenye rejista ya wodi ya uzazi, achukue mafaili, ahesabu patografu ngapi zilijazwa baadaye? Hapo fomula inafanya kazi.

Bi. Rehema: Naunga mkono, ila N iwe idadi ya waliojifungua katika kipindi atakachochagua, siyo wale wakunga 120. Na ni kazi ya pili, na muda wake mwenyewe.

Neema M.: Lakini kwenye faili nitajuaje kwamba imejazwa baadaye?

Nesi Halima: Uhakika kamili hutapata, dalili zipo. Zamu imebadilika katikati ya uchungu lakini mwandiko na wino ni vilevile mwanzo hadi mwisho. Mapigo ya mtoto ni 140, 140, 140 kila nusu saa. Ukikuta faili la hivyo, usimwoneshe mkunga aliyeliandika kumuuliza, atajifunga. Muulize usiku ule ulikwendaje.