Alimvunjia mwenzake miwani: afukuzwe, au wakalishwe wazungumze?

Mama wa Katuba: Kijana wa darasa moja na mwanangu, mwaka wa pili wa umanite, alimpiga ngumi, miwani ikavunjika. Nilingojea afukuzwe. Sasa prefe ananiita eti tuje wote, sisi na wao, tukae kwenye duara tuongee. Mimi naona huko ni kuwadekeza wahuni. Ninyi mnaonaje? Na nikikubali, inaendeshwa vipi?

Papa wa Kamalondo: Mama, hiyo si mambo mapya. Wazee wetu walikuwa wanakaa hivyo hivyo. Huyo kijana apige magoti asubuhi mbele ya bendera, shule yote ikimwangalia, aombe msamaha, mwanao ampe mkono, imekwisha.

Konseye wa Kampemba: Papa, kwa wazee uko sawa kabisa. Ila magoti mbele ya bendera ni adhabu ile ile ya zamani. Kijana akiaibishwa mbele ya watu mia nne, kichwani mwake hamwazii aliyemuumiza, anawawazia waliomcheka. Na mtoto aliyepigwa hakuulizwa kama yuko tayari kutoa huo mkono.

Mama, nikueleze tunavyofanya kwetu. Siku ya tukio hatuwakutanishi. Kesho yake au keshokutwa naongea na kila mmoja peke yake, kama nusu saa. Namtafutia jibu la mambo mawili tu: aliyetenda anakubali kwamba alitenda? Aliyetendewa anataka kukaa naye? Moja likikosekana, hakuna kikao, faili inarudi kwa direkta wa disiplini kama kawaida. Kikao si mahakama. Ukimweka ndani mtoto anayekana, mtatumia saa nzima kubishana nani mwongo, na yule aliyeumizwa atatoka ameumizwa mara ya pili.

Kikao chenyewe ni viti bila meza. Kila mtoto anakuja na mtu wake: mama, yaya, shangazi, yeyote anayemheshimu. Naanza na aliyetenda: Ilikuwaje? Ulikuwa unawaza nini? Tangu siku ile umewaza nini? Nani ameumia? Simuulizi "kwa nini ulifanya", maana hapo mtoto yeyote anaanza kujitetea. Halafu namgeukia aliyetendewa: kwako kilichokuwa kigumu zaidi ni nini, na unataka kifanyike nini? Kisha wazazi. Mwisho ndipo tunaandika makubaliano.

Mwalimu wa Hesabu: Konseye, mimi nina wanafunzi 63 darasani. Nusu saa kwa huyu, nusu saa kwa yule, halafu saa nzima ya duara, nani anafundisha? Na tuseme ukweli wote. Kule Pittsburgh, Marekani, watafiti wa shirika la RAND walilinganisha shule zilizotumia njia hii na zisizoitumia, wakatoa ripoti 2018. Siku za kufukuzwa zilipungua, na walimu waliona hali ya shule imekuwa nzuri zaidi. Lakini wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 8 matokeo yao ya masomo yalishuka. Hilo wanaoisifu hawalisemi.

Konseye wa Kampemba: Mwalimu, ripoti hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana siiti kikao kwa kila kelele. Aliyechelewa, aliyepiga mluzi, malizana naye mwenyewe darasani. Duara ni kwa jambo ambalo mtu fulani ameumia na kesho wote wawili watarudi kwenye darasa lile lile.

Nipe nafasi nieleze kikao kimoja. Kijana alimrukia mwenzake, akamchania shati, akaikanyaga mashini yake ya kuhesabu. Kwa kanuni za shule ni siku tatu nyumbani. Kwenye kikao nikamuuliza ilikuwaje. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Asubuhi walisoma majina ya wasiolipa minervali. Nikatoka. Niliporudi Alhamisi akaniita Mheshimiwa Deni, wote wakacheka." Mama yake alikuwa hajui. Yule mwenye mashini naye akainamisha kichwa. Prefe alikuwa amekaa humo humo, na majina yalisomwa kwa amri yake.

Tukaandika hivi: shati na mashini ni dola 30, familia inalipa 10 kila mwisho wa mwezi, kwa miezi mitatu. Mwenye mashini aache lile jina na awaambie marafiki zake waache, titulere aangalie. Prefe akaongeza la kwake: deni litaandikwa kwenye barua iliyofungwa kwa mzazi, halisomwi tena darasani. Karatasi tatu, kila upande moja, shule moja, na tarehe ya kuonana baada ya wiki mbili. Malipo mawili yalikuja kwa wakati, la tatu likachelewa karibu mwezi, nikafuatilia. Angefukuzwa siku tatu, lile jina la Deni lingemngoja mlangoni.

Mama wa Ruashi: Mimi nina swali la kwangu. Kuna mwalimu anamwita binti ya dada yangu nyumbani kwake "kwa ajili ya pointi". Shule inasema tukae tuelewane. Ndiyo hilo duara?

Konseye wa Kampemba: Hapana, Mama. Hapana kabisa. Msikae. Mtu mzima mwenye mamlaka juu ya pointi za mtoto hawezi kuwekwa naye sawa kwa sawa, binti atakubali lolote kwa woga. Hiyo ni ya polisi na parke. Hapa Kongo tuna sheria ya 2006 juu ya ukatili wa kijinsia, na inahusu pia anayemsumbua mtu hivyo. Binti asiende huko hata akiitwa na mwenzake. Andikeni tarehe, tunzeni jumbe za simu, mtafuteni mwanasheria au shirika linalosaidia wanawake wawasindikize.

Papa wa Kamalondo: Hapo nakubali. Lakini nasikia kuna sheria ya 2009 imekataza adhabu zote. Basi prefe hana hata haki ya kufukuza.

Mwalimu wa Hesabu: Siyo hivyo, Papa. Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inataka disiplini ya shuleni iheshimu utu wa mtoto. Fimbo haipatani na hilo. Kumrudisha nyumbani siku kadhaa ni jambo lingine. Na bado mimi nasema kuna mtoto atakaa kwenye duara, alie vizuri, aseme maneno yote mnayotaka, na kesho apige tena. Huyo mnamfanya nini?

Konseye wa Kampemba: Wapo. Nawajua kwenye ile nusu saa ya kwanza: anataka kujua mapema atapunguziwa nini. Huyo simpeleki kwenye kikao. Na akivunja makubaliano, anarudi kwa direkta wa disiplini na karatasi ikiwa kwenye faili. Ila Mwalimu, anayerudia baada ya vikao viwili vya kweli, sina jibu zuri. Shule jirani wanamwondoa. Sisi tumebishana na hatujamaliza.

Mama wa Katuba: Nimemuuliza mwanangu jana usiku kama anataka kukaa na huyo kijana. Amesema anataka, lakini baba yule asiwepo, kwa sababu anapiga kelele. Nina haki ya kuomba hivyo?

Konseye wa Kampemba: Unayo. Mwambie prefe kabla ya siku yenyewe, si pale mlangoni. Yule kijana aje na mama yake au yaya yake. Na nendeni na risiti ya miwani, bei iwe mezani kabla mtu hajaanza kukisia.

Mwalimu wa Hesabu: Na uliza nani atafuatilia hayo malipo, kwa jina. Kwetu makubaliano yamelala kwenye kabati tangu Novemba.