Madiwani watatu wasimamishwa kwa kuuliza fedha za POS zilipo: huu ni usimamizi au ni kuingilia baraza?

Mwanzisha uzi:

Wakuu, ninaandika nikiwa na hasira. Mimi ni diwani katika halmashauri ambayo sitaitaja. Mkaguzi wa nje alituletea hoja kwamba shilingi milioni 84 za ushuru wa mazao zilikusanywa kwa mashine za POS lakini hazikuonekana katika taarifa za benki. Menejimenti ilijibu kwamba fedha zilitumika kabla ya kupelekwa benki kwa sababu ya dharura, lakini haikuambatanisha stakabadhi hata moja. Katika baraza maalumu la kujadili hoja hizo, wenzangu watatu walitaka majina ya wakusanyaji na tarehe ambayo kila mashine ilizimwa. Kiongozi wa serikali aliyehudhuria akasema hoja hiyo ihesabiwe imefungwa ili mkoa usionekane vibaya. Walipokataa, mwenyekiti aliwasimamisha kuhudhuria vikao viwili kwa utovu wa nidhamu, na hakuwapa nafasi ya kujitetea.

Ninakubali kwamba Serikali Kuu ina haki ya kutukagua, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha tunazotumia inatoka huko. Ninachokataa ni kwamba mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli, anateuliwa na Rais, si na sisi. Mweka hazina wetu alihamishiwa halmashauri nyingine hoja ikiwa bado wazi. Na sasa tunaambiwa kwamba baraza litavunjwa likiendelea na "fujo". Anayesaini malipo anaondoka na mshahara wake kamili, na anayeuliza ndiye anayeadhibiwa.

Kijana wa Kata:

Mheshimiwa, madiwani nanyi msijitoe. Ninyi ndio mnaopitisha bajeti, na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inakaa kila mwezi na kusomewa mapato na matumizi. CAG angewavua udiwani wote na kuwatoza hasara hiyo, mngejifunza.

Mkaguzi Mstaafu:

Ndugu yangu, kuhusu kamati umesema kweli, na mwanzisha uzi anapaswa kutueleza iliona nini katika miezi hiyo yote. Kuhusu CAG umekosea, kwa kuwa yeye hukagua na kutoa taarifa na hana mamlaka ya kumvua mtu udiwani. Kumtoza mtu hasara ni hatua nyingine kabisa, na lazima ionyeshwe nani alikuwa na fedha mkononi, alikiuka utaratibu gani na hasara ilitokana vipi na kitendo chake. Diwani aliyepitisha bajeti ya barabara hajaiba fedha ya barabara.

Nimekagua halmashauri miaka mingi. Hoja hufungwa na mkaguzi mwenyewe baada ya kuhakiki vielelezo. Baraza haliwezi kuifunga kwa kura, na mkuu wa wilaya hawezi kuifunga kwa kauli. Mkaguzi atakaporudi bila kukuta hati ya benki, ataiandika tena miongoni mwa hoja za miaka ya nyuma, hata kama mliambiwa imekwisha. Kwa hiyo, mheshimiwa, dai kwamba muhtasari wa kikao uandike amri hiyo na jina la aliyeitoa. Kwangu mimi, hapo ndipo usimamizi unapogeuka kuwa kuingilia: pale amri inapotolewa kwa mdomo, haitaji kifungu cha sheria, na inamzuia mtu kupata jibu ambalo mkaguzi mwenyewe analitafuta.

Hata hivyo, nisingependa tuseme kwamba kuvunja baraza ni uonevu siku zote. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Tume chini ya Charles Keenja ikaongoza jiji hadi mwaka 2000, na wakazi wengi wa wakati ule walifurahia kuona taka zinazolewa. Lakini kwa miaka hiyo hawakuwa na diwani wa kumwuliza.

Mama wa Kikundi:

Samahani, naomba nieleweshwe. Kikundi chetu cha wanawake kilikuwa na mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato inayotengwa na halmashauri, na sasa tunaambiwa tuna hoja ya ukaguzi ingawa tumerejesha fedha yote. Je, nasi tutasimamishwa?

Mkaguzi Mstaafu:

Hapana, mama. Hoja hiyo ni ya halmashauri. Pelekeni nakala za hati zenu za benki kwa afisa maendeleo ya jamii, mkabaki na zenu zenye muhuri wake wa kupokea.

Mwanzisha uzi:

Nashukuru, mzee wangu. Kuhusu kamati, ni kweli tulisomewa jumla ya makusanyo kila mwezi, lakini hatukuwahi kuomba taarifa ya benki tuilinganishe nayo. Kosa hilo ninalibeba. Jana nilimwandikia katibu wa kikao kuomba muhtasari, na nimejibiwa kwamba sehemu ya amri ile "haikuwa ajenda", kwa hiyo haikuandikwa. Nani anaweza kumlazimisha katibu aiandike, ikiwa katibu huyo ndiye mkurugenzi mwenyewe?